Mstari Mfupi Chini ya Picha ya Damu

Kwenye kona ya picha ya damu iliyopigwa kwa hadubini huwa kuna mstari mfupi mweusi ulioandikwa 10 µm. Hizo ni mikromita 10, na ukiigawa milimita moja katika vipande 1,000 vilivyo sawa, kila kipande ni mikromita moja. Mstari huo unasema kwamba urefu wake pichani unawakilisha mikromita 10 za damu yenyewe.

Chukua rula uupime, ukianzia kwenye alama ya sifuri, si kwenye ukingo wa rula. Tuseme umepata milimita 20. Kabla ya kugawanya, vipimo vyote viwe vya aina moja: milimita 20 ni mikromita 20,000. Gawanya kwa 10, utapata 2,000. Kwa hiyo picha imekuza damu mara 2,000. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kugawanya 20 kwa 10 na kuandika kuwa picha imekuza mara 2, jambo lisilowezekana, maana seli iliyokuzwa mara 2 tu isingeonekana kwa macho.

Sasa pima seli nyekundu moja ya damu, upana wake wote kupitia katikati. Ikiwa ni milimita 15, hizo ni mikromita 15,000. Gawanya kwa 2,000, upana halisi ni mikromita 7.5. Jibu hili linaaminika, kwa kuwa seli nyekundu ya binadamu huwa na upana wa mikromita 7 hadi 8 hivi. Hata hivyo, ukikosea milimita moja tu kwenye rula, jibu husogea kwa nusu mikromita, kwa hiyo ni vyema kupima seli kadhaa na kutafuta wastani.

Kwa nini tusitumie tu ile ×2000 iliyochapwa chini ya picha? Kwa sababu picha hubadilishwa ukubwa. Itoe fotokopi iliyopunguzwa nusu: seli itakuwa milimita 7.5, na mstari milimita 10. Ukifuata mstari, picha sasa imekuza mara 1,000 na seli ni mikromita 7.5 vilevile. Ukifuata maandishi, ambayo bado yanasema ×2000, utapata mikromita 3.75, nusu ya ukweli. Vivyo hivyo, lenzi ya 100 na ya jicho ya 10 hukuza mara 1,000 kwa anayechungulia hadubini. Picha iliyochapwa ina ukuzaji wake.

Kimelea cha malaria chenye umbo la pete ndani ya seli hiyohiyo hupimwa kwa njia hiyo. Pete ya milimita 4 kwenye picha ya kwanza ina upana halisi wa mikromita 2. Mstari na maandishi vikipingana, fuata mstari.