Barua ya Kila Mwezi Kutoka Duka la Vitabu

Chukulia duka dogo la vitabu mjini Tanga, lenye muuzaji mmoja na wateja mia na ushee walioacha anwani zao za barua pepe. Limepokea nakala sita za *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Muuzaji angeweza kutuma picha ya jalada, bei, na maneno "Wahi kabla hazijaisha!" Lakini mteja akipokea matangazo matatu ya namna hiyo, la nne hulifuta bila kulifungua.

Barua inayosomwa huwa na vipengele vichache visivyobadilika. Vitatu vinatosha: Kitabu cha Mwezi, Vilivyoingia Rafuni na Swali la Msomaji. Msomaji akishavizoea, huanza moja kwa moja na kile anachokipenda. Kwa hiyo muuzaji asianzishe kipengele asichoweza kukijaza mwezi ujao. Kikikosekana mara mbili, mazoea hayo huvunjika.

Kazi kubwa iko kwenye Kitabu cha Mwezi. Hapo sifa za jumla kama "riwaya ya kusisimua" hazimwambii mtu kitu. Aandike kwamba Yusuf, mvulana wa miaka 12, anaondoka nyumbani na mfanyabiashara Aziz akidhani ni mjomba wake, kumbe baba yake amemweka rahani kwa deni. Kisha aongeze jambo alilolinasa mwenyewe alipokisoma, labda namna safari za misafara ya bara zinavyoelezwa. Maneno mia moja hivi yanatosha. Kitabu ambacho hajakisoma akipeleke Vilivyoingia Rafuni, mstari mmoja pamoja na bei.

Sauti nayo iwe moja. Aliyeanza kwa "Ndugu msomaji" na kujiita "mimi" asigeuke mwezi wa pili kuwa "uongozi wa duka unapenda kuwatangazia wateja wote". Kipimo chepesi ni kuisoma barua kwa sauti: sentensi ambayo asingeweza kumwambia mteja aliyesimama kaunta, aiandike upya.

Ombi la kununua lije mwishoni mwa Kitabu cha Mwezi, mara moja tu: "Nakala sita zipo dukani. Ukipenda nikuwekee moja mpaka Jumamosi, nijibu kwa neno Peponi." Hapo mteja hajasukumwa, na hatua ya kuchukua ni ndogo. Maombi matano katika barua moja humchanganya asijue ajibu lipi.

Neno hilo la kujibu lina faida nyingine. Idadi ya barua zilizofunguliwa haiaminiki sana, kwani baadhi ya programu za barua pepe hupakia picha zenyewe, na barua ikahesabiwa kuwa imefunguliwa. Majibu yenye neno "Peponi" yanahesabika kwa vidole. Yakija manne na nakala tatu zikachukuliwa, muuzaji ana msingi wa kuamua aagize ngapi tena. Yasipokuja kabisa, aanze kwa kuisoma upya aya ile ya Yusuf kabla ya kufikiria kupunguza bei.