Je, Wajua? Krimu Inayoogopa Pete

Je, wajua kuwa onyo dogo kuhusu vito laweza kufichua krimu yenye sumu? Maelezo yakikuambia krimu ya kung'arisha ngozi isiguse dhahabu, fedha wala alumini, shuku kuna zebaki, kwani zebaki hushikana na metali hizo na kuziharibu. Ikipakwa kila siku, hupenya ngozini na kudhuru figo. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya ngozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998.

Wanunuzi wa krimu walio Nyeri, Karatina na Nanyuki mara nyingi hulipa kwa M-Pesa kabla kifurushi hakijapakiwa kwenye matatu Nairobi. Kwa hiyo, kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji picha ya maandishi yote ya kopo lenyewe. Chini ya alama ya ubora ya KEBS pana namba ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, kisha tuma kwa 20023. Jibu likitaja kampuni au bidhaa nyingine, alama hiyo imenakiliwa kutoka kwingine. Muuzaji akikataa kupiga picha, usilipe.