Daftari la mkojo

Daftari lenyewe ni la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ndani hakuna hesabu za mtoto. Kuna safu tatu zilizopigwa kwa rula: saa, alichokunywa, alichokojoa. Saa 11 alfajiri, 260. Saa 12 na nusu, chai kikombe kimoja. Saa 1 kamili, 110. Saa 1 na dakika 40, 90. Inaendelea hivyo siku tatu, mchana na usiku, kwa mwandiko ulionyooka ambao ukifika saa 9 za usiku unaanza kulala.

Nililikuta mezani kwa muuguzi wa wagonjwa wa saratani, hapa Dar es Salaam, nilikokwenda kuuliza habari za chanjo ya wasichana. Chanjo nikaisahau. Mwenye daftari, mama wa miaka 46 anayeishi Mbagala, aliridhia niandike habari zake bila jina. Alikuwa amenunua jagi la plastiki la nusu lita lenye mistari, akalipaka mpini rangi nyekundu ya kucha, watoto wasije wakachanganyia juisi.

Miaka saba iliyopita alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, kisha ile ya ndani. Saratani ikaondoka. Kilichomrudisha hospitali ni haja ndogo isiyomwacha akae. Vyoo vyote vya njia ya Mbagala hadi Kariakoo anavijua, na bei zake.

Kabla ya hapo alikuwa amepita zahanati kadhaa. Kila mara jibu lilikuwa "yutiai", na kila mara dozi ya sipro. Hakuna aliyeuotesha mkojo wake. Ulipooteshwa hatimaye, hakukuwa na mdudu.

"Hao siwalaumu sana," alisema muuguzi, mama mtu mzima ambaye wagonjwa wanamwita Sista. "Dalili zinafanana. Lakini muulize: kuna aliyemwuliza kama aliwahi kupigwa mionzi? Na yeye je, alisema? Anaona yale yalikwisha, ya nini kuyafukua."

Mionzi inayoua saratani ya mlango wa kizazi haiwezi kukikwepa kabisa kibofu, kwa kuwa vimepakana. Mishipa midogo ya damu ya ukuta wa kibofu huumia, na majeraha yake hayana haraka. Huanza kuonekana baada ya miezi, pengine baada ya miaka kumi na zaidi. Damu inapungua, misuli inageuka kovu, ukuta unakakamaa. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 300 hadi 500 kwa raha. Kilichokakamaa kinadai choo mapema mno.

Hapo ndipo Sista alipolifungua daftari, na nakiri sijawahi kuona mtu akisoma namba kwa mapenzi kiasi kile.

"Siku ya kwanza ameenda mara 14. Jumla, 1,610. Hiyo ni kawaida tu. Ingekuwa lita tatu na zaidi ningewaza sukari, au anakunywa kupita kiasi. Kwa hiyo mkojo si mwingi, unatoka kidogo kidogo. Sasa tazama alfajiri." Kidole kikatua kwenye ile 260. "Mchana wote ni 80, 90, 130. Lakini akilala, kibofu kinafika 260. Maana yake nafasi ipo. Ningeona 100 usiku na mchana, ningejua ni kovu tupu, na mazoezi yasingemfaa kitu. Huyu tunaweza kumfundisha."

Siku ya pili mama alikwenda Kariakoo. Safu ya vinywaji ina kikombe cha chai asubuhi na glasi moja ya maji, basi. Alijinyima ili asiaibike njiani. Akakojoa mara 15, jumla 900, na pembeni ameandika "unachoma".

"Wote wanafanya hivi," Sista alisema. "Mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu kilichojeruhiwa, kinabana zaidi. Anakimbia choo kwa kujinyima maji, na kujinyima ndiko kunakompeleka chooni."

Akampa kazi. Maji kama lita moja na nusu kwa siku, mengi yaishe kabla ya magharibi. Chai ya rangi ipungue. Haja ikija, akae, abane misuli ya chini mara kadhaa, asubiri wimbi lipite, kisha achelewe dakika 15. Akizoea, aongeze nyingine 15. Kibofu kisipotulia, daktari ana vidonge vya kulegeza kibofu.

Damu kwenye mkojo ni habari nyingine, na hapo Sista aliacha kutabasamu. Mishipa mipya inayoota kwenye kovu ni dhaifu, inavuja. Lakini damu hiyo hiyo inaweza kuwa saratani iliyorudi au mpya, na kwa mtu aliyekulia penye kichocho cha mkojo, inaweza kuwa kichocho. Haikisiwi, inapimwa, na kibofu kinatazamwa kwa kamera. Daktari anayetazama lazima ajue habari za mionzi. Nyama iliyopigwa mionzi haiponi vizuri. Kipande kikikatwa bila uangalifu, panaweza kubaki tundu, mama akaondoka na fistula.

Kuhusu ukavu wa uke, mama mwenyewe alisema kwa sauti ndogo, akimtazama Sista badala yangu. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 39, wakati wa matibabu, kwa kuwa ovari hazihimili mionzi. Uke ukakauka, ukasinyaa. Tendo la ndoa likawa maumivu, naye akaanza kulala na mtoto wa mwisho.

Dawa zipo. Kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi wengi wanayapenda, ila yanaharibu kondomu. Krimu ya homoni ya ukeni pia, kwani aina ya saratani aliyougua, iliyo ya kawaida zaidi ya mlango wa kizazi, hailishwi na homoni hiyo. Na kuna kipanuzi, kijiti laini cha mviringo kinachoingizwa taratibu dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa wiki. Hushauriwa kianze wiki ya pili hadi ya nane baada ya mionzi, kabla kuta hazijashikana, bila kulazimisha. Ushahidi wa kitabibu juu yake bado mwembamba. Huyu mama hakuwahi kukisikia.

"Na mjane?" nilimwuliza Sista. "Yeye kipanuzi cha nini?"

"Daktari atapitia wapi kuangalia kama ugonjwa umerudi?"

Kuhusu maumivu ya kiuno alinipa onyo moja. Mifupa ya nyonga iliyopigwa mionzi hupata nyufa. Maumivu yanayozidi mtu akisimama na kupungua akilala yanaweza kuwa ufa, ingawa kwenye picha wengine husoma saratani iliyosambaa. Mtu anaambiwa anakufa, kumbe anahitaji mapumziko, dawa ya maumivu na matibabu ya mifupa.

Daftari la pili, la miezi miwili baadaye, linaonyesha mara 9 kwa siku, na mchana kuna 200 mbili. Mama amerudi kuuza mitumba. Nilimwuliza Sista kama hali hiyo itadumu. Alisema kovu la mionzi linaweza kuendelea kukaza, na hajui la huyu litasimama wapi. Kwa mumewe hajarudi. Hilo halina safu kwenye daftari, na Sista anasema hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumwita mume kliniki.