Mkupuo wa Sita

Kamati ya harusi imekaa, na mweka hazina anasoma daftari. Watu kumi wameshatoa, jumla ni shilingi 500,000, kwa hiyo wastani ni 50,000 kwa kila mchangiaji. Anaingia wa kumi na moja na kutoa 28,000. Jumla inakuwa 528,000, na wastani unashuka hadi 48,000. Hilo halimshangazi mtu, kwa kuwa aliyeingia ametoa chini ya wastani, na wastani umevutwa chini.

Sasa mtazame wa kumi na mbili. Huyu anatoa 36,000, yaani amempita mwenzake aliyemtangulia kwa 8,000. Wengi wangesema michango imeanza kupanda, basi na wastani utapanda. Piga hesabu: 564,000 kwa watu kumi na wawili ni 47,000. Wastani umeshuka tena! Mchango umepanda na wastani umeshuka kwa wakati mmoja, kwa sababu wastani haujali kama mchango mpya umezidi ule uliopita. Unajali jambo moja tu: je, mchango mpya umeuzidi wastani wenyewe?

Wa kumi na tatu anatoa 47,000, sawasawa na wastani, na wastani hautikisiki. Wa kumi na nne anatoa 61,000, wastani unarudi hadi 48,000. Shimo la wastani, yaani mahali ulipofika chini kabisa, liko pale pale mchango mpya ulipolingana nao. Atakayeielewa meza hii ya harusi ameielewa sababu ya mchoro unaowasumbua wanafunzi wa Uchumi wa kidato cha tano na sita, ule wa mistari miwili iliyopinda inayokatana mahali pamoja tu. Mmoja ni gharama ya nyongeza, yaani pesa inayoongezeka ukizalisha kipimo kimoja zaidi. Wa pili ni wastani wa gharama zote. Kila mara wa kwanza hupita katika kitovu cha chini cha wa pili. Vitabu vingi vinamtaka mwanafunzi akariri hivyo, na nadhani hapo ndipo anapopotezwa, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana kwa macho ukiwa na daftari la matumizi.

Tuchukue tanuri moja la mikate. Mwokaji wetu amekodi banda, amekopa kujenga tanuri, na anamlipa mlinzi. Vitu hivi vitatu vinamgharimu 60,000 kila usiku, aoke asioke. Hizi ni gharama zisizobadilika. Unga, hamira, mafuta, kuni na ujira wa wakandaji huongezeka kadiri anavyooka, na hizo ni gharama zinazobadilika. Anaoka kwa mikupuo, kila mkupuo mikate hamsini. Tanuri ni hilo hilo moja na banda ni hilo hilo. Hawezi kulipanua usiku wa leo, na hiyo ndiyo maana ya kipindi kifupi katika somo hili: kuna kitu angalau kimoja ambacho huwezi kukiongeza kwa sasa.

Mkupuo wa kwanza unamgharimu 32,000, kwa sababu tanuri ni la baridi na linakula kuni nyingi kabla ya kushika moto. Wa pili ni 24,000. Wa tatu ni 20,000 tu: matofali yameshika joto, mmoja anakanda, mwingine anakata madonge, wa tatu anapanga trei, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Hapo ndipo gharama ya nyongeza ilipo chini kabisa.

Kuanzia hapo mambo yanageuka. Mkupuo wa nne ni 24,000, wa tano 30,000. Mezani pamejaa, na vinyunga vilivyokwisha kukatwa vinasubiri nafasi ndani ya tanuri. Wa sita unafika 38,000, maana wakandaji sasa wanalipwa ujira wa saa za ziada. Wa saba ni 52,000: unga uliokandwa umeumuka kupita kiasi na mwingine unamwagwa, kuni kavu zimekwisha, na unga wa nyongeza umenunuliwa kwa kilo dukani badala ya kwa gunia. Wa nane ungefika 72,000. Wakandaji hawajawa wavivu. Mikono na unga vimeongezwa juu ya tanuri lile lile moja, na kila kinachoongezwa kinapata nafasi ndogo ya kufanya kazi kuliko kilichotangulia. Wachumi wanaiita sheria ya mapato yanayopungua, na ndiyo inayoupinda juu mstari wa gharama ya nyongeza katika kipindi kifupi.

Sasa tuhesabu wastani wa gharama zote, tukianza na zile 60,000. Angeoka mkupuo mmoja tu, ungemgharimu 92,000. Akioka miwili, wastani ni 58,000. Mitatu, kama 45,300. Minne, 40,000. Mitano, 38,000. Sita, 38,000 vilevile. Saba, 40,000. Nane, 44,000.

Simama kidogo kwenye mkupuo wa nne. Gharama ya nyongeza imeshaanza kupanda, kutoka 20,000 hadi 24,000. Lakini wastani wa mikupuo mitatu iliyotangulia ulikuwa zaidi ya 45,000, na 24,000 iko mbali chini yake. Kwa hiyo wastani unaendelea kushuka hadi 40,000. Ni yule mchangiaji wa kumi na mbili amerudi. Mkupuo wa tano nao umepanda hadi 30,000, na bado wastani unashuka. Ule wa sita unagharimu 38,000, sawasawa na wastani wa mitano, na wastani unabaki palepale. Wa saba, kwa 52,000, umeuvuka wastani na kuanza kuuvuta juu.

Unaweza kuyaandika yote haya kwa mstari mmoja:

```
badiliko la wastani = (gharama ya nyongeza - wastani wa awali) / idadi mpya
```

Jaribu mkupuo wa saba: 52,000 toa 38,000 ni 14,000, gawanya kwa saba, unapata 2,000. Kweli wastani umepanda kutoka 38,000 hadi 40,000. Alama ya jibu inategemea mabano peke yake. Gharama ya nyongeza ikiwa chini ya wastani, jibu ni hasi na wastani unashuka. Ikiwa juu, wastani unapanda. Zikilingana, wastani umetulia. Mstari unaoshuka, kisha ukatulia, kisha ukapanda, umetulia kwenye kitovu chake cha chini. Kwetu umetulia kati ya mkupuo wa tano na wa sita kwa sababu tunahesabu kwa mikupuo mizima. Mtu akichora mistari laini, kana kwamba angeweza kuoka hata robo ya mkate, itakatana kwenye nukta moja.

Ndiyo maana mchoro mbovu unajifichua wenyewe. Ukiona mistari hiyo miwili imekatana mahali ambapo wastani bado unateremka, fuata kidole chako kidogo kulia kwa makutano: gharama ya nyongeza iko juu ya wastani, na huku wastani unashuka. Hilo haliwezekani, kama isivyowezekana mchango wa 61,000 kuushusha wastani wa 47,000. Aliyechora amekosea, hata kama mistari yake imenyooka vizuri na ina rangi mbili.

Michoro ya gharama imewahi kumkwamisha hata bingwa. Mwaka 1931 Jacob Viner, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha makala maarufu juu ya mistari hii. Alitaka mstari wa wastani wa kipindi kirefu upite kwenye vitovu vyote vya mistari ya kipindi kifupi, na wakati huohuo usipande juu ya mstari hata mmoja kati ya hiyo. Mchoraji wake, mwanahisabati aitwaye Wong, alimwambia haiwezekani. Viner hakumwelewa, akaacha kosa lichapishwe. Mwaka 1950 alikiri kwamba Wong alikuwa sahihi. Kwa mwokaji wetu somo lake ni hili: kitovu cha tanuri hili si lazima kiwe njia rahisi kuliko zote ya kuoka mikupuo sita. Huenda tanuri kubwa zaidi, hata likitumika chini ya uwezo wake, lingeoka sita hizo kwa gharama ndogo zaidi. Lakini hilo ni suala la mwaka ujao, si la usiku wa leo.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la wale walioielewa kanuni na kuitumia vibaya. Wanasema: kama wastani ni wa chini kabisa kwenye mkupuo wa tano na wa sita, basi hapo ndipo pa kusimama. Hapana. Kitovu kinakuambia wapi mkate mmoja unakugharimu kidogo kuliko kwingine, hakikuambii wapi faida ni kubwa. Tuseme mwokaji anauza mkupuo kwa 55,000. Akisimama kwenye sita, anapata 330,000, anatoa 228,000, anabaki na 102,000. Akioka wa saba, anapata 385,000, gharama ni 280,000, anabaki na 105,000. Wastani wake umepanda na faida yake imepanda. Wa nane ungemgharimu 72,000 kwa kitu anachouza 55,000, kwa hiyo hapo anazima moto. Bei analinganisha na gharama ya nyongeza; wastani unamwambia tu kama mwishowe amepata au amekula hasara. Bei ingeanguka chini ya 38,000 kwa mkupuo, angepata hasara kwa idadi yoyote ambayo angeoka.

Sasa mwenye banda na mkopeshaji wanapandisha madai yao, na zile 60,000 za kila usiku zinakuwa 84,000. Gharama ya kila mkupuo wa nyongeza haijabadilika hata kwa shilingi moja, kwa sababu unga na kuni havijui habari za kodi. Wastani wote umepanda: kwa mikupuo mitano ni 42,800, kwa sita ni 42,000, kwa saba ni kama 43,400. Kitovu kimesogea kulia, sasa kiko kwenye sita peke yake, kikifuata mstari ule ule wa gharama ya nyongeza ambao haukusogea.

Na bei ikibaki 55,000, mwokaji bado anaoka mikupuo saba. Faida yake imeshuka kutoka 105,000 hadi 81,000, lakini angesimama kwenye sita angebaki na 78,000. Mkupuo wa saba unamwachia 3,000, kama ulivyomwachia kabla kodi haijapanda.