Unataka kufungua karakana ya viatu? Mtazame mshonaji kwanza

Fundi wa viatu mjini Nyeri hukata ngozi, huishona, huivuta juu ya kalibu, kisha hubandika soli, yote peke yake. Kila akibadilisha zana, muda unapotea.

Sasa tuseme mko watatu, kila mtu na kazi yake. Mkataji anatoa jozi 20 kwa siku, mshonaji 8, mbandika soli 15. Mtauza 8 tu! Ukiona ngozi imerundikana kwa mshonaji, hapo ndipo pamekwama. Mwongeze mwenzake, mtafika 15.

Kiwanda cha Bata kule Limuru pia hugawa kazi hivyo, ila kwa mashine na watu wengi. Lakini chunga: bila wateja wa jozi 15, utalipa mishahara huku viatu vikilala dukani.