PHQ-9 kwa Kiswahili: hojaji ya sonona kabla ya kufika kwa muuguzi

PHQ-9 ni hojaji fupi ya kubaini sonona, na iliundwa Marekani kwa ajili ya kliniki za kawaida, si hospitali za magonjwa ya akili. Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams waliichapisha mwaka 2001 baada ya kuijaribu kwa wagonjwa 6,000. Ina vipengele 9, na kila kimoja kinahusu dalili ambayo huenda imemsumbua mgonjwa katika wiki 2 zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, ulaji, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, kujongea polepole au kuhangaika mno, na mawazo ya kufa. Jibu huwa moja kati ya manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Majibu hayo hupewa alama 0, 1, 2 na 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Katika utafiti huo wa kwanza, waliofikisha 10 au zaidi walikuwa asilimia 88 ya wote ambao mtaalamu wa afya ya akili aliwakuta na sonona kubwa, na asilimia 88 ya wasiokuwa nayo walibaki chini ya 10.

Mpaka huo wa 10 umesambaa duniani kuliko utafiti ulioutoa. Ni rahisi kudhani kwamba maswali yakishatafsiriwa vizuri, namba nayo huvuka salama. Kumbe hilo ni jambo la kupimwa upya kila mahali, na kazi huanza na maneno.

Utaratibu uliozoeleka ni kwamba watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, kisha matoleo yao hulinganishwa na kuunganishwa kuwa moja. Mtafsiri mwingine ambaye hajaiona hojaji ya asili hulirudisha toleo hilo katika Kiingereza. Baada ya hapo kamati ya watu wa lugha, wauguzi na wataalamu wa afya ya akili hupitia tofauti zilizojitokeza. Hatua ya kurudisha tafsiri hupewa heshima kubwa mno katika ripoti za utafiti. Inasaidia kunasa makosa ya wazi, lakini lipo kosa inaloliacha lipite, nalo linatokana na umbo la Kiswahili chenyewe.

Jibu la tatu likitafsiriwa moja kwa moja huwa "zaidi ya nusu ya siku". Mtafsiri anayerudisha ataelewa nusu ya zile siku 14, na karatasi mbili zitafanana kabisa. Lakini neno "siku" halibadiliki katika wingi, na mgonjwa anayesomewa swali anaweza kusikia nusu ya siku moja, yaani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mfano ni mama ambaye kila asubuhi huamka amelemewa, hana hamu ya kazi, chakula hakipiti na anajilaumu, ila kufikia saa 6 mchana anapata nafuu kidogo. Kwa kanuni za hojaji, dalili hizo nne anazo karibu kila siku, kwa hiyo anastahili alama 3 kwa kila moja, jumla 12. Akilisikia swali kwa masaa, atajibu kwamba haifiki nusu ya siku, ni asubuhi tu, na muuguzi atamwekea "siku kadhaa". Jumla yake itakuwa 4, naye ataruhusiwa kwenda nyumbani.

Kosa la namna hiyo hugunduliwa kwa mahojiano ya uelewa. Watu wachache wa aina ileile itakayotumia hojaji husomewa swali, kisha huombwa walieleze kwa maneno yao, wataje mfano, na waseme wamefikaje kwenye jibu walilotoa. Anayesema "ni asubuhi tu" amefichua tatizo ambalo kamati ya maprofesa isingeliona. Marekebisho yanaweza kuwa madogo tu: "siku 8 au zaidi kati ya siku 14", au maharage 14 mezani ambayo mgonjwa huyagawa kati ya siku alizosumbuliwa na zile alizokuwa sawa. Baada ya marekebisho mahojiano hurudiwa, maana dawa ya kosa moja huweza kuleta jingine.

Mahojiano hayohayo huonyesha pia vipengele visivyokaa vizuri katika maisha ya msikilizaji. Kipengele cha kushindwa kutuliza akili hutoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Kwa asiyesoma, na nyumba haina umeme, mfano huo haupimi chochote. Kusikiliza redio, kufuatilia mahubiri au kuhesabu chenji ni karibu zaidi na anachokijua. Kipengele cha ulaji kinaunganisha kukosa hamu ya kula na kula kupita kiasi. Kwa anayesoma mwenyewe hilo halina shida kubwa, lakini katika vituo vingi vya afya Afrika Mashariki hojaji husomwa kwa sauti na muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii, na msikilizaji hujibu sehemu aliyoisikia mwisho. Hapo ni afadhali maswali mawili yaulizwe, kisha ichukuliwe alama iliyo kubwa.

Kusomewa kuna athari nyingine kwenye kipengele cha 9, kinachouliza kama mtu amefikiri kwamba heri angekufa, au amewaza kujidhuru. Kuandika jibu kwenye karatasi ni jambo moja. Kumtazama muuguzi anayeishi mtaa uleule na kulitamka ni jingine. Muumini aliyefundishwa kwamba haifai kukata tamaa na rehema za Mungu ana sababu ya kusita, na Kenya ilikuwa na sababu ya kisheria pia, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza mwaka 2025 kuwa kinakiuka katiba. Sifuri nyingi kwenye kipengele hiki, huku vipengele vingine vikiwa na alama za juu, ni ishara ya kuchunguza namna swali linavyoulizwa kabla ya kufurahia matokeo.

Maneno yakishatulia, takwimu huanza. Swali la kwanza ni uthabiti. Mwaka 2009 Patrick Monahan na wenzake walichapisha matokeo ya PHQ-9 kwa watu wazima 347 wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya. Alfa ya Cronbach, ambayo huonyesha kama vipengele vinakwenda pamoja, ilikuwa 0.78, kiwango kinachokubalika. Wagonjwa waliporudia hojaji baada ya siku 7, uwiano wa alama za awali na za marudio ulikuwa 0.59, ambao ni wa wastani. Namba ya pili haimaanishi moja kwa moja kwamba hojaji ni mbovu, kwa sababu hali ya mtu huweza kubadilika ndani ya wiki. Ila yule aliyepata 11 Jumatatu anaweza kabisa kupata 8 Jumatatu inayofuata, na muuguzi anayeuchukulia mpaka wa 10 kama ukuta atakuwa anajidanganya.

Uthabiti bado si uhalali. Hojaji inaweza kupima uchovu wa malaria kwa uthabiti wa hali ya juu. Katika utafiti huo wa Kenya, alama zililinganishwa na namna wagonjwa walivyoitathmini afya yao kwa jumla. Huo ni ushahidi wenye thamani, lakini hautoi mpaka wa alama. Ili kuupata mpaka, kila mshiriki lazima pia afanyiwe mahojiano ya uchunguzi na mtaalamu, kwa Kiswahili, ndani ya siku chache, na mtaalamu huyo asijue alama za hojaji. Kosa linalojirudia ni kubana gharama kwa kuwapeleka kwa mtaalamu wale tu waliopata alama nyingi. Hapo wagonjwa waliokoswa na hojaji hawaonekani kabisa, na uwezo wake wa kunasa huonekana karibu kamili. Msomaji wa ripoti hulitambua kosa hilo kwa kutafuta jambo moja: wangapi kati ya waliopata alama chache walihojiwa?

Idadi ya wagonjwa halisi nayo ina uzito kuliko idadi ya washiriki wote. Utafiti wa watu 300 ukiwa na wenye sonona 30, na hojaji ikawanasa 26, uwezo wake utaandikwa asilimia 87. Kwa idadi ndogo hivyo, thamani ya kweli inaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 70 na 96. Na mpaka uliochaguliwa kwa sababu umefanya vizuri katika data hizohizo, kwa kawaida hufanya vibaya kidogo kwa kundi jipya.

Hata mpaka uliothibitishwa hubadilika maana kulingana na mahali unapotumika. Hesabu ifuatayo ni ya kufikirika. Zahanati imepima watu 300, sonona iko kwa asilimia 10, na hojaji ina zile asilimia 88 mbili za utafiti wa kwanza. Wenye sonona ni 30, na 26 wananaswa. Wasio nayo ni 270, na 32 kati yao wanavuka mpaka bila kuwa wagonjwa. Waliovuka ni 58, na wenye sonona kweli hawafiki nusu. Katika kliniki ambako sonona iko kwa asilimia 30, watu walewale 300 watatoa 104 waliovuka, na 79 kati yao ni wagonjwa, yaani watatu katika kila wanne. Hivyo alama 10 katika zahanati ya kawaida ni sababu ya kumketisha mtu na kumuuliza zaidi. Si sababu ya kumwandikia dawa.

Kwenye kliniki za VVU, kifua kikuu na wajawazito kuna ugumu wa ziada, kwani uchovu, usingizi mbaya na kukosa hamu ya kula huja na hali yenyewe. Mtu anaweza kukusanya alama 9 kwa vipengele hivyo vitatu tu bila huzuni wala kukosa hamu ya mambo. Ndiyo sababu watafiti huchunguza kama vipengele vya mwili vinajitenga na vile vya hisia, na muuguzi hufundishwa kutazama alama zimetoka wapi, si jumla peke yake.

Wapo walioamua kutoanza na hojaji ya kigeni. Sylvia Kaaya na wenzake, Dar es Salaam, walichapisha mwaka 2008 kipimo cha vipengele 19 kilichoundwa nchini. Njia hiyo huukaribia zaidi usemi wa wagonjwa wenyewe, kama "mawazo mengi" au "moyo mzito", lakini hufanya iwe vigumu kulinganisha matokeo na ya nchi nyingine.

Kwa wanaobaki na PHQ-9, toleo lililopimwa Dar es Salaam halijapimwa kwa sababu hiyo Eldoret, ambako kwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili, wala Lubumbashi, ambako kinasemwa kwa namna yake. Kwa kawaida haihitajiki tafsiri mpya: duru moja ya mahojiano ya uelewa hutosha kuonyesha vipengele vya kurekebisha, na mpaka wa alama hupimwa upya hasa pale matumizi yatakapokuwa makubwa.