Kwa nini chaki huvunjika mshazari

Chukua chaki nzima, ishike ncha zote mbili, uisokote kama unayekamua nguo, bila kuipinda. Itakatika. Utazame mpasuko: haukupita mkato wa moja kwa moja, bali umeizunguka chaki mshazari, kwa takriban nyuzi 45 kutoka kwenye urefu wake. Mwanafunzi wa uhandisi anayesumbuliwa na vekta aigeni anaweza kuziona hapo kwa macho.

Tuangalie kipande kidogo cha uso wa chaki. Mhimili wa x ufuate urefu, wa y uzunguke mwili. Wahandisi huandika mkazo wa mahali hapo kwa matriksi, nayo kwa msokoto ni hii:

```
0  t
t  0
```

Kazi yake ni moja. Waza kwamba umekata kipande hicho. Ipe matriksi vekta inayoelekea nje ya mkato, nayo itakurudishia nguvu inayofanya kazi juu ya mkato huo, kwa kila eneo. Matriksi hii hubadilishana namba mbili nafasi, kisha huzizidisha kwa t.

Ipe (1, 0), yaani mkato uliopita katikati ya chaki moja kwa moja. Unapata (0, t). Nguvu imegeuka nyuzi 90, imelala juu ya mkato, inateleza tu. Ipe (2, 1), unapata (t, 2t): imegeuka tena, ingawa kidogo.

Sasa ipe (1, 1). Jibu ni (t, t). Haikugeuka hata kidogo, imezidishwa tu kwa t. Hiyo ndiyo vekta aigeni, na t ndiyo thamani yake aigeni. Hapo hakuna kuteleza. Nguvu inavuta mkato ufunguke. Ukiipa (1, -1), jibu ni (-t, t), yaani vekta ileile iliyozidishwa kwa -t. Imepinduka, lakini imebaki kwenye mstari wake, kwa hiyo nayo ni aigeni. Alama ya kutoa inasema hapo chaki inagandamizwa. Urefu wa vekta hauna maana hapa: (5, 5) ni mwelekeo uleule wa (1, 1).

Chaki huvumilia kugandamizwa kuliko kuvutwa, ndiyo maana hupasuka kwa kukingama mwelekeo wa (1, 1). Isokote upande wa pili, mshazari nao utageuka.

Si kila matriksi ina mistari kama hii. Inayozungusha kila kitu nyuzi 90 haiachi mwelekeo wowote mahali pake. Matriksi ya mkazo huwa nayo daima, tena ikikingamana, kwa sababu namba zake mbili za pembeni ni sawa. Zisingekuwa sawa, kipande kingeanza kujizungusha chenyewe.

Fimbo ya chuma laini ikisokotwa hadi ikatike, mpasuko wake huwa bapa, umeikata fimbo moja kwa moja. Chuma hicho hushindwa na kuteleza kabla ya kushindwa na kuvutwa, na kuteleza huwa kukubwa zaidi katikati ya mistari miwili ya aigeni, yaani pale kwenye (1, 0).